Naomba ushauri: kovu la mzee libaki, ngozi isafishwe

Wakuu, picha ni ya mwanajeshi mstaafu mwenye kovu shavuni. Wanawe wanataka lifutwe, yeye amesema libaki, na msafishaji picha amekataa kulifuta. Hapo hakuna mjadala, sura ni yake.

Shida ni ngozi inayolizunguka. Picha imetenganishwa leya mbili: rangi na vivuli chini, vinyweleo na mikunjo juu. Ya chini ikilainishwa, kivuli cha bonde la kovu kinapotea, na linabaki kama mkwaruzo wa karatasi. Likizungushiwa maski yenye ukingo mkali, linaachiwa duara la ngozi chafu. Je, ukingo ufifishwe hadi upana wa kovu lenyewe, au leya ya chini isiguswe, madoa yatolewe kwa Healing Brush tu?