Njia ya route add inapotea kila nikiwasha upya kompyuta

Tausi_88: Wakuu, naomba msaada. Kompyuta yangu ni 192.168.1.25 na inatokea intaneti kupitia 192.168.1.1. Kuna ruta ya pili, 192.168.1.254, inayopeleka kwenye mtandao wa 10.20.5.0 ambako kuna seva ya mafaili, 10.20.5.10. Nikiandika route add seva inapatikana, ila nikizima na kuwasha inabidi niandike tena. Nimechoka kweli.

fundi_nyaya: Tengeneza faili la bat uliweke kwenye Startup, mimi ndivyo nafanya.

Mkongwe_wa_Ruta: Hilo faili litagoma kimyakimya lisipokuwa na haki za msimamizi. Umesahau `-p` tu, dada. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, futa ya zamani kwanza, kisha uongeze:

```
route delete 10.20.5.0
route -p add 10.20.5.0 mask 255.255.255.0 192.168.1.254
route print -4
```

Usiache `mask`. Ukiiacha, Windows inachukua 255.255.255.255, yaani anwani moja tu, na seva yako haimo.

fundi_nyaya: Sawa, nimekubali. Basi akiiona chini kwenye Persistent Routes, kazi imekwisha.

Mkongwe_wa_Ruta: Hapo bado. Orodha ya chini inaonyesha kilichohifadhiwa. Inayotumika sasa hivi ni Active Routes, ya juu. Ni lazima ionekane kote kuwili. Na metriki zisikutishe zikitofautiana: chini unaweza kuona 1 na juu 26, kwa sababu juu imejumlishwa na metriki ya kadi yenyewe.

Baraka_mtandao: Mimi nataka VPN yangu isibebe intaneti yote, nitumie hiihii?

Mkongwe_wa_Ruta: Hilo ni jambo jingine ndugu, lifungulie uzi wake.

Juma_laptop: Yangu ipo chini, juu haipo! Ilianza nilipohamisha kompyuta kwenye mtandao mwingine.

Mkongwe_wa_Ruta: Huko anwani yako inaanza na ngapi? Kama si 192.168.1, lango la 192.168.1.254 halifikiki moja kwa moja, kwa hiyo njia inabaki imelala mpaka urudi. Hatari zaidi ni mtandao mgeni wenye namba hizohizo: njia itaamka na kupeleka pakiti kwa kifaa kisicho chako.

Tausi_88: Nimewasha upya, ipo juu na chini, na seva inafunguka. Ahsante sana kaka! Ila kompyuta ya mwenzangu, 192.168.1.31, nimeiwekea vilevile na seva haijibu.

Mkongwe_wa_Ruta: Andika `tracert -d 10.20.5.10` kwake. Mstari wa kwanza ukiwa 192.168.1.1, njia yake haijashika. Ukiwa 192.168.1.254 halafu nyota tupu, upande wake hauna kosa. Angalia kama seva au ruta za mbele zinamzuia.

Tausi_88: Ni 254, kisha nyota. Namtafuta anayesimamia seva.