Nimekula hasara ya gunia la karoti kwa sababu ya "2"

Mzee wa Karoti: Jamani nimechoka. Nauza karoti Kilombero, Arusha. Juzi mteja wangu wa Sakina kamwachia kijana wake simu, kijana akanitumia hivi, naiweka kama ilivyo:

"Mambo, karoti za jana zlkuwa pwa. Gunia 2letee kxho asbh"

Nikapakia gunia mbili kwenye guta. Kufika, mteja anashangaa: "Mbona mbili, mzee wangu?" Kumbe "2letee" ndiyo "tuletee"! Moja nimerudi nalo, nauli juu yangu. Na karoti zikishaoshwa hazikai, siku ya tatu zinateleza mkononi. Nimeziuza kwa bei ya kutupa. Hicho ni Kiswahili cha wapi?

Chalii wa Ngarenaro: Punguza hasira mzee. Meseji ni herufi 160, ukizidisha unakatwa ya pili. Halafu pwa ina kosa gani? Mbona mualimu ikawa mwalimu?

Mwalimu Mstaafu, Moshi: 160 ni kweli, kijana wangu, lakini ujumbe huo hata ukiuandika wote haufiki herufi 70. Aliokoa nini? Na kwenye mwalimu, inayogeuka w ni u ya kiambishi mu- ikikutana na irabu. O ya poa ni ya mzizi, haiguswi. Tunasema po-a, silabi mbili, mkazo kwenye po. Pwa ni silabi moja, na ina kazi yake tayari: maji ya bahari hujaa na kupwa, ndiko lilikotoka neno pwani. Hiyo "2" nayo inataka uisome kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ni "mbililetee". Na x haimo katika alfabeti yetu.

Zamani tulifundisha kuandika simu ya maandishi. Posta walitoza kwa neno, basi tukapunguza maneno, herufi hatukuzigusa: MAMA MGONJWA NJOO HARAKA.

Mama J Mbuyuni: Wa kwangu aliandika "cjawahi" kwenye barua ya kuomba kazi, nikaichana. Mzee, hilo gunia bado lipo?

Mzee wa Karoti: Limeisha mama, nimeshasema.

Chalii wa Ngarenaro: Sasa mwalimu, mtu akinisalimia "mambo" nisijibu pwa?

Mwalimu Mstaafu, Moshi: Kwa rafiki yako jibu tu, hata akikosea kuisoma hakuna kinachopotea. Mbona hata n.k. na Bw. ni vifupisho, ila hivyo kila mtu anavisoma namna moja. Kwenye idadi, bei, siku, na pale unapokanusha, andika neno zima. Mtihani na barua ndiyo kabisa.

Mzee wa Karoti: Sawa, na hasara ni ya nani? Mteja anasema ningepiga simu kuuliza.

Chalii wa Ngarenaro: Hapo niko na mteja, mzee. Gunia zima unapakia bila kupiga?

Mzee wa Karoti: Tangu lini aliyeandika ovyo ndiye anayepigiwa?