Naomba ushauri: mita mbili, kisima kimoja, TDS tofauti

Wakuu habari, nina kisima kirefu huku Dodoma, maji yana chumvichumvi. Nikapima na kimita changu cha mkononi kikasoma 1200 ppm, jirani akaja na cha kwake maji yaleyale kikaleta 1680, tukaanza kubishana nani kauziwa feki. Kumbe tukibonyeza kwenye µS/cm vyote viwili vinasoma 2400! Yani havipimi chumvi kabisa, vinapima umeme unavyopita kwenye maji halafu vinazidisha, changu kwa 0.5 (kinachukulia ni chumvi ya mezani tupu) na chake kwa 0.7.

Nikapeleka sampo maabara, wao wanachuja, wanakausha kwa nyuzi 180 na kupima uzito wa kilichobaki, wakapata 1610 mg/l. Nikigawa kwa 2400 napata kama 0.67.

Sasa swali, hiyo 0.67 naweza kuitumia kwenye visima vingine vya mtaa wetu au kila kisima kipelekwe maabara kwanza? Wasiwasi wangu kuna kimoja kina salfeti nyingi, na salfeti nasikia inapandisha hiyo namba, halafu silika yenyewe haipitishi umeme kabisa lakini kwenye mzani ipo.

Na pia saa 8 mchana maji ya tenki yana nyuzi 32, mita inajirekebisha hadi 25 kwa asilimia 2 kila nyuzi, je niiamini au nisubiri yapoe? Floraidi najua haionekani humo, hiyo napima kivyake.