Nimeuziwa barua ya kuombea kazi mtandaoni, kumbe Kigoma nzima inayo

Mzawa wa Mwanga

Wakuu, naandika haya mikono ikiwa bado inatetemeka kwa hasira. Sitamtaja mtu kwa jina, kwa sababu kila mwenye kompyuta kati ya Mwanga na Ujiji anamfahamu yule bwana anayefundisha namna ya kupata wateja wa ughaibuni, yule anayepiga picha akiwa ameegemea magari ya watu. Mwezi uliopita nilimlipa shilingi 35,000 ili anipe barua ya kuombea kazi katika mtandao wa kazi, barua ambayo aliniapia kwamba ni ya siri na kwamba haijawahi kushindwa. Leo asubuhi mteja amenijibu, na jibu lake lote lilikuwa sentensi moja tu: "Barua hii nimeipokea mara nne leo."

Mara nne! Barua ile imebeba watu wengi kuliko meli ya Liemba. Nina hakika hata samaki wa Ziwa Tanganyika wanayo nakala yao.

Kinachoniuma ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa kama imetangazwa na mama yangu mzazi. Mteja alikuwa na saa 6 za mahojiano yaliyorekodiwa, wavuvi wa Kibirizi wakieleza walivyoishi wakati ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na alitaka mtu wa kuyaandika neno kwa neno. Alieleza kwamba wazee wanachanganya Kiswahili na Kiha. Mimi ni Muha, nimezaliwa hapa, na baba yangu amevua dagaa maisha yake yote! Ombi lile lilinigharimu pointi 16 za ule mtandao, na pointi nilizinunua kwa fedha ya kukopa. Kisha naambiwa mara nne.

Fundi Kiguu

Ndugu, ulinunua kitenge cha sare ya harusi, kisha umefika ukumbini ukashangaa kuwakuta wenzako wamevaa kama wewe. Huyo bwana angekuwa na barua isiyoshindwa, angekuwa anaombea kazi yeye mwenyewe badala ya kukuuzia wewe.

Mwalimu Mstaafu wa Kasulu

Kijana, pole sana. Katika maombi ya kazi hakikisha vyeti vyako vimethibitishwa na mwanasheria, uambatanishe cheti cha kuzaliwa na picha ndogo mbili, na barua uielekeze kwa Katibu husika. Wengi wanakosa ajira kwa sababu ya kusahau tarehe na sahihi.

Mzawa wa Mwanga

Shikamoo Mwalimu, nakushukuru, lakini hizi si ajira za serikali. Hapa mteja hataki cheti wala picha ndogo. Anatangaza kazi moja, tunaiomba kwa barua fupi ndani ya mtandao, anachagua mmoja, na kazi ikiisha tunaachana. Ndiyo maana barua ni kila kitu, na ndiyo maana yule bwana ameniua kwa kuniuzia barua ya watu wanne.

Dada wa Bangwe

Naomba kuiona hiyo barua inaanzaje.

Mzawa wa Mwanga

Inaanza hivi, nimeitafsiri kutoka Kiingereza: "Mpendwa Meneja wa Ajira, mimi ni mtaalamu mchapakazi, mwaminifu na mwenye uzoefu wa miaka mitano katika nyanja mbalimbali. Nimelisoma tangazo lako kwa makini na naamini mimi ndiye mtu unayemtafuta." Inaendelea hivyo aya tano.

Dada wa Bangwe

Basi hata kama ungekuwa peke yako, usingeipata kazi hiyo, na nitakueleza kwa nini. Mwaka jana mteja wangu mmoja aliniomba nimsaidie kuchagua mtu wa pili, kwa hiyo nilikaa upande wao na nikaona wanachokiona. Maombi yalikuwa 48. Hawaoni barua nzima. Wanaona orodha: picha yako, bei yako, na mistari miwili ya kwanza ya barua, kisha imekatwa. Ukitaka kusoma zaidi unabofya. Katika maombi yale 48 tulifungua tisa, kwa sababu mengine yote mistari yake miwili ilisema mtu ni mchapakazi na mwaminifu, na hakuna aliyewahi kuandika kwamba yeye ni mvivu na mwizi. Mistari yako miwili umeimaliza kwa kumsalimu meneja asiyekuwepo. Kwamba wewe ni Muha uliyezaliwa ukingoni mwa ziwa umekuja kulisema hapa kwetu, wakati aliyepaswa kulisoma ni yeye.

Nina swali moja. Matangazo ya kazi za namna hiyo mara nyingi huambatanishwa na kipande cha sauti. Kilikuwepo? Ulikisikiliza?

Mzawa wa Mwanga

Kilikuwepo, cha dakika moja. Sikukisikiliza, kwa kuwa yule bwana alitufundisha tutume haraka kabla wengine hawajafika.

Simba wa Reli

Katika hilo yule bwana yuko sahihi. Mimi niko Tabora na kazi zangu zote tatu nilizipata kwa kuomba ndani ya dakika kumi za mwanzo. Siri ya pili ni bei. Weka bei ya chini kuliko wote, upate kazi ya kwanza na nyota zako, halafu ndipo upandishe.

Dada wa Bangwe

Kaka, la haraka ni kweli kwa sehemu yake. Wateja wengi huanza kusoma maombi mapema, na akishaanza kuzungumza na watu wawili watatu, sisi wengine hatufunguliwi tena. Tangazo likionyesha kwamba tayari anafanya mazungumzo na watu kadhaa, mimi napita, sichomi pointi zangu. Lakini kuwahi kwa barua isiyomhusu ni kuwahi kukataliwa.

La bei silikubali. Mzawa, uliomba kiasi gani?

Mzawa wa Mwanga

Dola 45 kwa kazi yote. Yule bwana ndiye aliyesema.

Dada wa Bangwe

Sasa tupige hesabu pamoja. Sauti safi ya mtu mmoja, saa moja humchukua mwandikaji mzoefu kama saa nne. Hii ni ya mwaloni, huenda wazee wanadakizana maneno, na lugha ni mbili, kwa hiyo tuseme saa tano. Mara sita, unapata saa 30 za kukaa kitini. Dola 45, ukitoa asilimia 10 ya mtandao, zinabaki dola 40 na nusu. Umeomba dola 1 na senti 35 kwa saa. Mteja anayeijua kazi hii akiiona bei hiyo hasemi "huyu ni nafuu", anasema "huyu hajasikiliza sauti yangu". Na alisema kweli, hukusikiliza.

Hebu kisikilize sasa, uniambie unachosikia.

Mzawa wa Mwanga

Nimekisikiliza mara tatu. Kuna injini ya mtumbwi nyuma. Mzee mmoja anaeleza kwa Kiswahili kwamba karabai zilining'inia nyumbani miezi mitatu bila kuwashwa. Mzee wa pili anamkatiza kwa Kiha na wote wanacheka, na mimi nilielewa kila neno, hata nikacheka nao. Nimekasirika upya. Watu watatu wengine waliotuma barua ile ile labda hata hawajui migebuka ni samaki!

Dada wa Bangwe

Basi mistari yako miwili ni hiyo hiyo uliyotuandikia. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi, wewe utaiweka katika Kiingereza:

"Katika kipande chako, mzee wa pili anamkatiza mwenzake kwa Kiha, na kicheko kile kina maana katika simulizi. Mimi ni Muha wa Kigoma. Nimeiandika dakika hiyo nzima na nimeiambatanisha hapa."

Baada ya hapo unamuuliza swali moja ambalo jibu lake linabadilisha kazi: je, sehemu za Kiha anataka ziachwe kwa Kiha, zitafsiriwe, au yote mawili? Kisha muda na bei, na hapo unaishia. Maneno 120 yanatosha. Mimi ningeomba dola 180 na siku saba, lakini ningetazama kwanza rekodi ya mteja, kwa sababu mtandao unaonyesha amewahi kuajiri watu wangapi, amelipa kiasi gani, na kama njia yake ya malipo imethibitishwa.

Simba wa Reli

Dola 180 kwa mtu asiye na nyota hata moja? Dada, unampoteza kijana.

Dada wa Bangwe

Inawezekana. Kwa kazi ambayo mtu yeyote anaiweza, ningekubaliana nawe. Kwa hii, wanaojua Kiha na wenye kompyuta ni wachache.

Mama Asali

Habari zenu. Mimi niko Tabora na naona mnahimiza jambo la hatari: kuambatanisha kazi ya bure. Mwezi wa tatu niliomba kazi ya kutafsiri kijitabu cha ufugaji wa nyuki. Mteja akasema nimpe sampuli, akanitumia kurasa nane. Nilikesha siku mbili, nikatuma, akanyamaza. Wiki iliyofuata wifi yangu anayekaa Nzega akanionyesha kazi aliyopewa kama sampuli na mteja yule yule. Mimi nilipewa ukurasa wa 1 hadi wa 8, yeye ukurasa wa 9 hadi wa 16! Kijitabu kizima kimetafsiriwa kwa sampuli na hakuna aliyelipwa hata senti.

Fundi Kiguu

Huyo sasa ndiye mwizi wa kweli. Mwenye barua ya mara nne ni mtoto mdogo kwake.

Mzawa wa Mwanga

Si mtoto mdogo! Mimi nimelipa shilingi 35,000, na nimeambiwa mara nne na mtu ambaye nilikuwa naijua kazi yake kuliko yeye mwenyewe.

Simba wa Reli

Mama Asali, huyo mteja alikuwa na alama ya malipo kuthibitishwa?

Mama Asali

Alikuwa nayo, na ndiyo iliyonidanganya. Ila nilipotazama vizuri baadaye, alikuwa ametangaza kazi 14 na hajaajiri mtu hata mmoja.

Dada wa Bangwe

Hapo ndipo pa kutazama, mama, na pole sana. Alama ile inasema ana kadi tu, haisemi kwamba huitumia. Na sampuli anayoiagiza mteja, kutoka ndani ya kazi yenyewe, mimi siifanyi bila malipo ikizidi aya moja. Ya Mzawa ni tofauti, kwa kuwa ni dakika moja ambayo kila mwombaji amewekewa ile ile. Hakuna anayeweza kuziunganisha zikawa saa sita.

Mama Asali

Mimi hata aya siwapi tena. Wifi yangu anasema bila sampuli hapati mazungumzo kabisa, na tumebishana naye tangu jana. Wengine hapa mnafanyaje?

Mwalimu Mstaafu wa Kasulu

Samahani, hicho kijitabu cha nyuki kinapatikana wapi kwa Kiswahili? Nina mizinga kumi.