Mjadala: Kuchoma tokeni kunabeba bei kweli, au ni moshi tu?

Mla_Chati (mwanzisha mada)
Wakuu, kila mradi wa sarafu za kidijitali siku hizi unatangaza umechoma tokeni, yaani umeziondoa kabisa kwenye ugavi. ETH, sarafu ya Ethereum, nayo inachomwa kupitia ada tangu 2021. Swali langu ni moja: ugavi ukipungua, bei inabebwa kweli? Naomba hoja, siyo matusi.

Simba_wa_Ugavi
Hili nalo la kujadili? Kitu kikiadimika bei inapanda, basi. Kuchoma ni sawa na kampuni kununua hisa zake na kuzifuta. Wanaobisha wengi wao waliuza mapema, sasa wanatafuta pa kulilia.

Bi Hesabu
Kampuni inayonunua hisa zake inatoa fedha mfukoni na kuingia sokoni. Ununuzi huo ndio unaosukuma bei, kufuta hisa ni karatasi tu inayofuata. Sasa tazama mtandao wa Stellar, wenye sarafu ya XLM, Novemba 2019. Taasisi yao ilichoma XLM bilioni 55 kati ya bilioni 105 zilizokuwepo. Zaidi ya nusu kwa mkupuo mmoja! Bei iliruka kidogo, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya pale iliporukia. Sababu yenyewe haina siri: zile bilioni 55 zilikuwa kabatini kwao. Hakuna muuzaji aliyeondoka sokoni wala mnunuzi aliyeingia.

Ada za ETH ni habari nyingine, na ndizo zinazostahili mjadala.

Simba_wa_Ugavi
Kwa hiyo mimi sijui hisa ni nini? Dada, nimeanza kusoma mizania za kampuni kabla hilo jina la Stellar halijatungwa. Ukitaka kunifundisha, njoo na mfano wa sarafu yenye maana.

Fundi Nodi
Mfano wenye maana huu hapa, mkuu, hasira weka pembeni.

Tangu 5 Agosti 2021, badiliko la EIP-1559 lilipowashwa, kila muamala wa Ethereum unalipa ada ya msingi, nayo inafutika kabisa. Bakshishi ndiyo inayobaki kwa anayetengeneza bloku. Huhitaji tovuti ya mtu kukuhesabia kilichochomwa, muulize nodi mwenyewe kwa programu ya cast:

```
cast block latest --field baseFeePerGas
cast block latest --field gasUsed
```

Zidisha namba hizo mbili, gawa kwa 10^18, umepata ETH za ada ya msingi zilizochomwa kwenye bloku hiyo.

Sasa twende kwenye 15 Septemba 2022, siku ya Merge. Uchimbaji ulikoma, bloku zikaanza kutengenezwa na walioweka ETH dhamana, na ETH mpya zikashuka kutoka karibu 13,000 kwa siku hadi karibu 1,700. Bloku ni moja kila sekunde 12, yaani 7,200 kwa siku. Lengo la kila bloku wakati huo lilikuwa milioni 15 za gesi, kipimo cha kazi ya mtandao, kwa hiyo siku nzima ni gesi bilioni 108. Gawa 1,700 kwa hiyo, unapata karibu gwei 16 kwa kila gesi, gwei ikiwa sehemu moja ya bilioni ya ETH. Wastani wa ada ya msingi ukiwa juu ya gwei 16, ugavi unapungua. Ukiwa chini, unaongezeka. Hapo ndipo mstari ulipokuwa.

Simba_wa_Ugavi
Ahsante. Ugavi ukapungua, ndicho nilichosema.

Fundi Nodi
Ulipungua, ndiyo. Kutoka karibu milioni 120.5 hadi karibu milioni 120.1 mwanzoni mwa 2024. Hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja, kwa muda wa mwaka na nusu. ETH inapanda au kushuka zaidi ya hapo kabla hujamaliza kikombe cha chai. Thamani yote ya soko ikibaki vilevile, ugavi kupungua kwa asilimia 0.4 kunakupa asilimia 0.4 kwenye bei. Haiongezi kitu kingine kwa miujiza.

Pima kwa BTC ndipo utaona. Siku ya Merge, ETH moja ilikuwa zaidi ya BTC 0.07. Aprili 2025 ilikuwa chini ya 0.02. Na katika kipindi hicho chote BTC ilikuwa inazalisha sarafu mpya: karibu 900 kwa siku, kisha 450 baada ya Aprili 2024. Iliyokuwa ikiongezeka ikaipita mbali ile iliyokuwa imesimama.

Pochi_Nyekundu
Jamani samahani, mimi nina tokeni za SHIB milioni 40. Wanachoma kila siku. Itafika lini dola 0.01?

Bi Hesabu
Mdogo wangu, zilizobaki ni kama trilioni 589. Zidisha kwa dola 0.01, unapata zaidi ya dola trilioni 5.8. Tuseme basi thamani yote ya soko ibaki dola bilioni 5.89, yaani SHIB moja iwe 0.00001. Kufika 0.01 kwa kuchoma peke yake, lazima zichomwe 999 katika kila 1,000. Wakichoma bilioni moja kila mwezi, ni miaka kama 49,000.

Tena uliza zitachomwa za nani. Wakipunguza kwa uwiano kila pochi, na wewe unabaki na 40,000 kwa bei ya 0.01. Ni dola 400. Leo kwa bei hiyo ya mfano milioni 40 zako ni dola ngapi? 400.

Pochi_Nyekundu
Mh. Lakini kama wachome za wengine tu?

Bi Hesabu
Hapo umeelewa mchezo kuliko wengi humu.

Jicho_la_Tatu
Mnahesabu tu, hamjiulizi. Hizo SHIB "zilizochomwa" nyingi zimetumwa kwenye anwani ya 0xdead…2069. Anwani ni anwani. Iko siku mwenye ufunguo atajitokeza azimwage zote sokoni.

Fundi Nodi
Hakuna mwenye ufunguo. Anwani ya kawaida inatokana na ufunguo, baiti 20 za mwisho za heshi. Hii imeandikwa kwa mkono, neno mwanzoni, masifuri, kisha 42069 mara nne. Ili kupata ufunguo unaoangukia hapo itabidi ujaribu mara 2^160 hivi, namba yenye tarakimu 49. Kompyuta zote za dunia zingechakaa kwanza.

Jicho_la_Tatu
"Hakuna" umehakikisha vipi? Umezijaribu zote?

Simba_wa_Ugavi
😂😂 Hapo Fundi kakamatwa.

Fundi Nodi
Mtu mwenye uwezo wa kujaribu 2^160 hahangaiki na SHIB, anafungua pochi yoyote anayoitaka, na yako ikiwemo. Kwa mantiki hiyo usishike sarafu yoyote.

Jicho_la_Tatu
Sijasema nashika.

Bi Hesabu
Jicho anauliza vibaya, lakini karibu naye kuna swali zuri. Kutuma kwenye dead na kufuta ni vitu viwili. Mei 2021 Vitalik, mwanzilishi wa Ethereum, alituma SHIB trilioni 410 kule, kati ya nusu ya ugavi wote aliyokuwa ametumiwa bila kuomba. Nenda leo kaulize mkataba wenyewe, $TOKENI ikiwa anwani yake:

```
cast call $TOKENI "totalSupply()(uint256)"
cast call $TOKENI "balanceOf(address)(uint256)" \
  0xdead000000000000000042069420694206942069
```

Ya kwanza, ukigawa kwa 10^18, bado itasoma karibu trilioni 1,000, kwa sababu mkataba haujui kwamba anwani ile ni kaburi. Lazima utoe mwenyewe ya pili. Kisha soma kama mkataba una `mint` na nani anaruhusiwa kuiita. Mradi unaochoma mchana huku mlango wa kutengeneza mpya uko wazi haujachoma kitu, hata tangazo likiwa na picha ya moto. SHIB haina tatizo hilo la mint, nasemea hizi za juzi juzi.

Jicho_la_Tatu
Kwa hiyo nilikuwa sahihi.

Fundi Nodi
Hapana.

Mla_Chati
Wakuu turudi kwenye mada. Kama ETH ilikuwa inapungua, mbona sasa nasikia inaongezeka tena? Waliacha kuchoma?

Fundi Nodi
Hawakuacha. Kilichoshuka ni ada. Tarehe 13 Machi 2024, sasisho la Dencun lilileta blobu, nafasi maalum ya data. Mitandao ya leya ya pili, iliyojengwa juu ya Ethereum, ilikuwa inalipa gesi nyingi kuhifadhi data zake kwenye bloku za kawaida. Ikahamia kwenye blobu, ambazo zina soko lake la ada. Blobu moja ni gesi 131,072, na bei ilianza wei 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya gwei. Lengo lilikuwa blobu tatu kwa bloku, na zikiwa pungufu bei haipandi. Kwa hiyo blobu nzima ilikuwa inachoma wei 131,072. Muamala mmoja wa kutuma ETH, gesi 21,000 kwa gwei 20, unachoma zaidi ya hiyo mara bilioni tatu. Ukiona namba hizo hushangai kwamba kufikia Februari 2025 ugavi ulikuwa umerudi pale pale ulipokuwa siku ya Merge.

Kisha dari ya gesi ikapandishwa kwa hatua hadi milioni 60. Ada ya msingi inapanda kwa asilimia 12.5 bloku ikijaa kabisa, inashuka hivyo hivyo ikiwa tupu, inatafuta bloku iliyojaa nusu. Ukiongeza nafasi na wateja ni walewale, inateremka. Na ETH zilizowekwa dhamana zilikuwa zimeongezeka hadi karibu milioni 36 mwishoni mwa 2025, kwa hiyo mpya zilizotoka zilikuwa kama 2,700 kwa siku. Kwa hesabu ile ya mwanzo, mstari ukawa karibu gwei 12.5. Ada ikikaa gwei 1 bloku zikiwa nusu, zinachomwa kama 216 kwa siku.

Simba_wa_Ugavi
Basi wao ndio wameharibu! Wangeacha ada juu, bei ingekuwa kwingine.

Bi Hesabu
Au wateja wangehamia kwingine. Hapo ndipo uchomaji unapopinduliwa kichwa chini miguu juu. Ada zinachomwa nyingi pale watu wanapogombea nafasi, na wakati huohuo ndio wanaponunua. Moshi mwingi na bei nzuri vilitokea pamoja kwa sababu vyote viwili ni watoto wa mahitaji.

Ila nikupe haki yako, Simba, maana hukuisema mwenyewe. Kabla ya 2021 ada zote zilikwenda kwa wachimbaji, nao waliziuza kulipa umeme. Ada inayochomwa ni mauzo ambayo hayatatokea. Hiyo ni nguvu halisi. Ukubwa wake ni thamani ya ada zenyewe, siyo idadi ya sarafu zilizobaki, na ada zikiwa gwei 1 nguvu hiyo ni ndogo.

Simba_wa_Ugavi
Sasa umekubali. Ungesema hivyo tangu mwanzo tusingefika huku.

Fundi Nodi
Hajakubali ulichosema, amekubali ambacho ungesema. Kwa upande wangu hata hiyo naitilia shaka, maana wachimbaji hawapo tena. Anayetengeneza bloku leo hana bili kubwa ya umeme, angepewa ada yote huenda angeishika. Na sasisho la Fusaka, Desemba 2025, limeweka sakafu kwenye bei ya blobu, kwa hiyo zile wei 1 hazirudi. Litaongeza kiasi gani cha kuchomwa, itategemea leya ya pili zitajaza blobu kiasi gani.

Bi Hesabu
"Huenda angeishika" siyo hesabu, Fundi. Tangu utoaji wa dhamana ufunguliwe Aprili 2023 wanaweza kuuza wakitaka, na kodi ya mapato wanalipa kwa fedha ya kawaida.

Fundi Nodi
Wanaolipa kodi.

Pochi_Nyekundu
Kwa hiyo nihamie ETH?

Jicho_la_Tatu
Kabla hujahama muulize Fundi kama amemaliza kujaribu zile funguo.