Naombeni ushauri: Kruskal-Wallis, vikundi vina mtawanyiko tofauti

Wakuu, nina vikundi 3 vya mbegu, 5 kila kimoja, napima siku za kuota. Data zimeegemea upande mmoja, anova nikaiacha, nikazipanga thamani zote 15 kwa nafasi. Jumla za nafasi ni A 22, B 40, C 58; H = 6.48, p = 0.039. Dunn kwa sahihisho la Bonferroni imetofautisha A na C tu (p = 0.033).

Msimamizi anataka niandike "midiani zinatofautiana". Lakini A ni siku 6 hadi 12, C ni 9 hadi 31! Maumbo yasipofanana, jaribio hili halipimi midiani. Naona niseme thamani za C huelekea kuzidi za A. Hoja hii niitetee vipi mbele yake?