Tupeane uzoefu: mlidhani ni uchovu, mawazo au umri, kumbe sukari imepanda

Mpitanjia
Wakuu, habari zenu. Nataka tukusanye visa vya sukari ile isiyopiga kelele. Simzungumzii mtu aliyekonda ghafla na anayemaliza mtungi wa maji kwa siku, maana huyo hata jirani atamwambia akapime. Namzungumzia yule anayeamka usiku kwenda haja ndogo, asubuhi kaamka hoi, mchana anasinzia kwenye kiti, na kila anayemweleza anamjibu "umri huo mzee" au "punguza mawazo". Kama yamekukuta wewe au mtu wa nyumbani kwako, tueleze yalianzaje na nini hasa kiliwafanya mpime. Habari za mitishamba naomba zibaki kwenye nyuzi zake.

Mama Wawili
Kwetu ilikuwa mume wangu, ana miaka 52. Alianza kuamka usiku kwenda haja ndogo, na kwa umri wake kila mtu alitaja tezi dume. Alikwenda, akapimwa, akaambiwa imekua kidogo, akapewa dawa. Hakuna kilichobadilika. Mchana alikuwa mkali kwa watoto, kazini anapiga miayo, na tukaona ni kwa sababu halali vizuri. Kweli alikuwa halali vizuri. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni kwa nini.

Binti wa dada yake mume wangu anasomea uuguzi. Alikuja kututembelea, akamsikia mjomba wake anavyoamka, asubuhi akamuuliza bila haya: "Mjomba, ukienda unatoa matone au unatoa mwingi?" Akasema mwingi, tena unatoka kwa nguvu, na akirudi lazima anywe maji. Binti akampa jagi la plastiki lenye alama za vipimo, akamwambia kwa saa 24 kila mkojo upite humo, aandike saa na kiasi. Mume wangu alicheka, lakini alifanya. Usiku kila alipoamka ilikuwa mililita 400 na zaidi, na jumla ya siku nzima ilifika lita 3.8. Binti akasema hii si tezi, tezi haiwezi kutengeneza maji.

Siku hiyohiyo tuliazima mashine ya sukari kwa jirani. Ya kwanza ikasoma 21, nikaanza kulia. Kumbe alikuwa ametoka kumenya tunda na hakunawa. Akanawa kwa sabuni, akakausha vidole, ikasoma 16.4. Hospitali walimpima asubuhi kabla hajala ikawa 11.2, na kile kipimo cha HbA1c kikatoka asilimia 9.8. Yaani sukari ilikuwa juu kwa miezi, siyo jana wala juzi.

Kisiki
Pole dada. Mimi mambo ya jagi na mashine siyahitaji. Babu zetu waliangalia sisimizi. Ukikojoa nje wasije, huna sukari. Najikagua hivyo na sijawahi kuwaona, na uchovu ninao kama kawaida ya mtu mzima.

Tabibu Mstaafu
Kisiki, sisimizi wakija huenda wanasema kweli, kapime. Wasipokuja hawajakuambia lolote. Figo zina tabia ya kuirudisha sukari kwenye damu isipotee. Kwa watu wazima wengi zinaelemewa sukari ya damu ikifika kama 10 hivi kwa kipimo cha mmol/L, na hapo ndipo sukari inaanza kumwagika kwenye mkojo. Sasa daktari anaita kisukari kuanzia 7.0 kabla ya kula. Unaona pengo lilipo? Mtu anaweza kuamka na sukari ya 8 au 9 kwa miaka, mkojo wa asubuhi hauna sukari, sisimizi hawana habari naye.

Na hilo linaeleza kisa cha shemeji yetu hapo juu. Sukari ikishamwagika kwenye mkojo haitoki peke yake, inavuta maji. Ndiyo maana mkojo unakuwa mwingi, kiu inafuata, usingizi unakatika vipandevipande. Uchovu wake ulikuwa na mizizi miwili: usiku uliokatika, na mwili uliokauka huku sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii inapotakiwa kutumika.

Swali la yule binti lilikuwa zuri kuliko vipimo vingi. Mwenye shida ya tezi huenda mara nyingi lakini anatoa kidogo, anasubiri mkojo uanze, mkondo hauna nguvu, akimaliza anahisi bado upo. Mwenye sukari anatoa mwingi kila mara, mchana na usiku. Zaidi ya lita 3 kwa siku kwa mtu asiyekunywa maji kwa kujilazimisha, usiiache ipite. Ila jagi halitoi jina la ugonjwa. Wapo wanaokojoa sana usiku tu kwa sababu miguu inavimba mchana na yale maji yanarudi mzungukoni wakilala. Wapo wanaomeza dawa ya presha ya kukojosha jioni badala ya asubuhi. Wapo wanaokoroma hadi pumzi inakatika. Jagi linakwambia uulize nini, damu ndiyo inajibu.

Kisiki
Sawa tabibu. Lakini wazee hawakuwa wajinga.

Tabibu Mstaafu
Sijasema hivyo. Waliona cha mwisho kwa sababu cha mwanzo hakionekani kwa macho.

Miwani Mbili
Langu ni la macho, na lilianza kama habari njema. Nina miaka 50, na kwa miaka kadhaa nilikuwa siwezi kusoma ujumbe kwenye simu bila miwani. Basi nikaanza kuisahau nyumbani na bado nasoma. Nikatamba kwa wenzangu kwamba ujana umerudi. Tatizo likawa vitu vya mbali: namba ya basi naiona ikishafika mbele yangu, mtu ananipungia mkono upande wa pili simtambui. Nikasema hayo ni macho yamechoka na kompyuta.

Mpimaji wa macho alipima, akasimama, akaniuliza kama nina kiu na kama nimepungua uzito. Hakuniandikia miwani. Akaniambia lenzi ya jicho imevimba na inaonekana haijatulia, niende kwanza nipime sukari. Ilikuwa 17 na ushee, na nilikuwa nimeshakula.

Sasa sehemu ambayo sikuambiwa mapema: nilipoanza dawa na sukari ikashuka, macho yalizidi kuwa mabaya. Safari hii cha karibu ndicho kilipotea, hata kwa miwani yangu ya zamani. Nilidhani dawa inanipofusha, nikataka kuacha. Niliporudi kwa yule mpimaji akaniambia lenzi inarudi kwenye umbo lake, nisinunue miwani yoyote hadi sukari itulie kwa wiki kadhaa. Ilichukua karibu miezi miwili ndipo nikapimwa upya. Anayetaka miwani mpya wakati sukari yake inapanda na kushuka anatupa hela.

Tabibu Mstaafu
Nyongeza ndogo tu. Huko kuona kwa ukungu kunakotokana na lenzi kunarudi sawa. Madhara ya sukari kwenye mishipa ya nyuma ya jicho ni jambo jingine, mwanzoni hayaonekani wala hayaumi. Kwa hiyo hata macho yakitulia, omba wakuangalie nyuma ya jicho pia.

Dereva wa Zamu
Wakuu mimi nikichelewa kula natetemeka, jasho linanitoka, nikila naona dunia imerudi. Hiyo si ndiyo sukari? Na usiku nikiendesha nakunywa vile vinywaji vya kuondoa usingizi ili nisisinzie, lakini nikimaliza nasinzia zaidi na kiu haiishi.

Mama Wawili
Kaka, kutetemeka huko ni kama sukari kushuka, sisi hapa tunazungumzia kupanda.

Tabibu Mstaafu
Ni kweli ni kinyume, ingawa wapo watu wanaoanza kuelekea kwenye kisukari ambao saa chache baada ya kula vitamu inawashuka hivyo. Siwezi kukuambia kwa kusoma tu. Kilichonigusa ni sentensi yako ya mwisho. Mtu mwenye sukari ya juu anapata kiu na uchovu, anavituliza kwa kinywaji kitamu, sukari inapanda tena, kiu inarudi. Badilisha hivyo vinywaji kwa maji, na upime asubuhi kabla hujala chochote. Ukianza kutapika, kuhema haraka au kuchanganyikiwa, hapo si pa kungoja asubuhi, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Dereva wa Zamu
Asubuhi ndiyo nalala mkuu. Natoka zamu saa 12.

Tabibu Mstaafu
Basi amka, pima kabla ya kutia kitu mdomoni zaidi ya maji. Kinachohesabiwa ni saa zisizopungua 8 bila chakula, si jua kuchomoza.

Binti Mkubwa
Nitasema kwa kifupi kwa sababu mada yenyewe ina aibu. Fangasi za ukeni, natumia dawa zinapona, zinarudi. Mimi na mwenzangu tulifikia kushukiana. Muuza dawa, mama mtu mzima, ndiye aliyekataa kuniuzia tena: "Mwanangu, hii dawa umeichukua mara nyingi, kwanza kapime sukari." Uchovu nilikuwa nao pia lakini nina mtoto mchanga, nani angeushangaa.

Zimwi Laini
Mimi nilipima kabla ya kula nikapata 6.4, nikaambiwa niko sawa. Lakini mwili unachoka tangu mwaka jana. Kwa haya mnayosema, basi ni sukari?

Tabibu Mstaafu
Mambo mawili usiyachanganye. 6.4 si sawa kabisa. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 6.1 hadi 6.9 uko kwenye ukingo, na ulistahili kuambiwa na kupimwa tena, ikiwezekana na kipimo cha kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa 2. Ila kwa 6.4 figo zako hazimwagi kitu, na sioni uchovu wa mwaka mzima ukitoka hapo. Tafuta damu pungufu, tezi ya shingo, usingizi. Na kama una upungufu wa damu au selimundu, waambie kabla hawajakupima HbA1c, maana inaweza kusoma uongo.

Zimwi Laini
Nakuheshimu tabibu, lakini nilipoacha vitamu na kuanza kutembea jioni, uchovu umepungua. Mwili wangu naujua.

Tabibu Mstaafu
Huenda ni kutembea, huenda ni usingizi uliokuja na kutembea. Endelea, na bado kapime damu.

Mpitanjia
Mama Wawili, shemeji anaendeleaje, usiku bado anaamka?

Mama Wawili
Anaamka mara moja, kidogo tu, na anasubiri mkojo uanze. Daktari anasema hiyo sasa ndiyo tezi.